Hasira Bila Bango: Kuandika Shairi la Dhuluma Lisigeuke Kaulimbiu

Soma ubeti huu kwanza, halafu uniambie unahusu nini:

*Wanyonge tuamkeni, tumechoka kuonewa,*
*Wadhalimu tokomeni, haki haitachelewa,*
*Mabavu yakomesheni, tunadai kutetewa,*
*Tuungane kwa yakini, ushindi tutajaliwa.*

Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya makala hii, na haukunichukua hata dakika kumi. Mizani imekaa, nane kwa nane. Vina viko sawa, *ni* katikati na *wa* mwishoni. Mwalimu wa ushairi hawezi kuukata maksi kwa umbo. Lakini unahusu nini? Bumu kuchelewa? Wakulima kunyang'anywa ardhi? Maji kukatika hosteli? Unaweza kuubandika popote na ukakaa. Hilo ndilo jaribio la kwanza: hamisha ubeti wako uende kwenye tukio jingine kabisa. Ukihama bila kubadilisha hata neno moja, basi ulichoandika ni kaulimbiu yenye vina.

Sisemi kaulimbiu ni mbaya. Kwenye bango au kwenye maandamano ina kazi yake: inawakusanya watu ambao tayari wamekubaliana. Shairi lina kazi nyingine. Linasomwa na mtu aliyekaa peke yake, pengine hakubaliani na wewe, pengine ndiye unayemlaumu. Ukimpigia kelele anafunga ukurasa, yameisha.

Kwenye Kiswahili tunao mfano mzuri. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wa kisiasa ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Akiwa gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na baada ya kutoka yakachapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kupiga kelele, ni huyu. Sasa tazama alichofanya katika shairi la "Mnazi". Ni ndugu wawili, Alii na Badi, wanabishana juu ya mnazi: mmoja ameushikilia, mwingine anadai fungu lake. Wasomaji wengi wameliona shairi hilo kama mvutano wa nani anafaidi matunda ya nchi. Ila ndani ya shairi wanaosikika ni Alii na Badi, na yule mwenye kushikilia mnazi naye anapewa beti za kujitetea. Anajenga hoja zake, na wewe msomaji unalazimika kuzipima.

Linganisha na ngonjera zilizoenea baada ya Azimio la Arusha, ambazo jina la Mathias Mnyampala halitengani nazo. Huko nako wanabishana wawili, lakini mara nyingi mmoja ameletwa ili ashindwe. Ukifika beti za mwisho anakiri kosa na wote wanaimba pamoja. Kwa kufundishia siasa darasani, sawa. Ila msomaji anajua mshindi tangu ubeti wa kwanza, kwa hiyo hana kazi ya kufanya.

Basi tufanye kwa vitendo. Tuseme hasira yetu ni ya bomoabomoa: banda la mama lishe jirani na geti la chuo limevunjwa asubuhi. Kabla ya kutafuta vina, chukua karatasi uandike kwa nathari ya kawaida vitu vilivyopo tu. Sufuria ziko wapi? Mama ameshika nini? Nani amesimama, nani ameondoka? Chakula cha jana kilikuwa nini, na nani hajalipa? Swali la mwisho ndilo lenye utajiri, maana kila mama lishe ana kitabu cha madeni, na ndani yake hayumo mwanafunzi peke yake. Yumo dereva wa bodaboda, yumo fundi. Na pengine yumo mgambo aliyekuja kuvunja.

Sasa pitia karatasi hiyo ukate kila neno la hukumu: *dhuluma, haki, mnyonge, mabavu, ukandamizaji*. Maneno haya yanamwambia msomaji ajisikie vipi kabla hajaona chochote. Yanayobaki ndiyo ya kutungia:

*Sufuria mtaroni, zimelaliana kombo,*
*Kitabu chake kwapani, kimefungwa kwenye rambo,*
*Wali wa juzi jioni, deni analo mgambo,*
*Amesimama pembeni, na rungu, hasemi jambo.*

Umbo ni lile lile, tarbia ya nane kwa nane. Lakini jaribu kuuhamishia kwenye bumu, haukubali. Neno "dhuluma" halimo, ila nadhani umeiona. Tena umeona jambo ambalo ubeti wa kwanza usingeweza kulionyesha kamwe: anayevunja amekula mkono wa anayevunjiwa, na anajua. Kile kimya chake ni aibu? Ni woga wa bosi wake? Ni kiburi? Ubeti hausemi, na hapo ndipo msomaji anapoingia.

Kuna sehemu moja ambapo hata shairi lililoanza vizuri huwa linaanguka, nayo ni kibwagizo. Mstari unaorudiwa kila ubeti ndio mlango ambao kaulimbiu hupenda kuingilia. Unatunga mistari mitatu yenye nyama, kisha wa nne unaandika "Tuungane tushindeni", na unaurudia mara saba. Ufanye kibwagizo kuwa kitu badala ya amri. Chukua ule mstari wa *wali wa juzi jioni* uufanye kibwagizo. Ubeti wa kwanza unasema habari ya deni tu. Ubeti wa tatu, tukimwona mgambo nyumbani kwake na mshahara haujaingia, mstari ule ule unageuka huruma. Ubeti wa mwisho, mama amefungua banda jingine mtaa wa pili na mgambo anapita njaa inamuuma, unageuka hukumu. Maneno hayajabadilika hata herufi moja, ila maana imekua. Kibwagizo cha amri hakikui, kinaongezeka sauti tu.

Lakini tahadhari, usikimbie kaulimbiu ukaangukia kwenye fumbo lisilofumbuka. Wengine wakiambiwa wasihubiri wanaleta simba, fisi na chui kila ubeti, na mwishowe msomaji anadhani ni hadithi ya mbugani. Mnazi wa Abdilatif unafanya kazi kwa sababu kwanza ni mnazi kweli: unapandwa, unakwewa, una matunda ya kugombewa. Fumbo lako lisimame lenyewe hata kwa mtu asiyejua siasa yoyote, halafu ndipo lielekeze kwingine.

Na usiogope kwamba ukimpa mpinzani nafasi utakuwa umemtetea. Mgambo wetu bado ana rungu mkononi na banda bado liko chini. Tofauti ni kwamba sasa hawezi kusema shairi halimhusu. Ubeti wa "wadhalimu tokomeni" angeuimba na yeye, tena kwa sauti, maana hakuna mtu duniani anayejiita mdhalimu. Lakini wali wa juzi anaukumbuka, na bei yake anaijua.