Mto umepanda, mto umeshuka: lini urudishe pampu na lini upande bondeni

Msimu wa mvua kila mwaka napigiwa simu na maswali mawili yaleyale kutoka kwa wanaolima matikiti, nyanya na bamia kwenye mabonde ya huku Miteja. La kwanza: "Bwana shamba, maji yameanza kushuka, nirudishe pampu?" La pili: "Shamba la chini litakauka lini nianze kupanda?" Majibu ya yote mawili yapo kwenye mchoro mmoja ambao mtu mwenye daftari la hesabu na penseli anaweza kuuchora mwenyewe. Wataalamu wa maji wanauita haidrografu. Ni mstari unaoonyesha mto ulivyopanda, ulivyofika kileleni na ulivyoshuka, siku baada ya siku. Leo nitakaa zaidi kwenye kushuka, maana hapo ndipo hela za vijana wengi zinapotea.

Kwanza upate kipimo. Tafuta sehemu ya mto iliyonyooka, siyo kwenye kona, uchimbie miti mitatu au minne kwa ngazi kuanzia chini karibu na maji mpaka juu ya ukingo. Mti mmoja mrefu haufai, maji makubwa yataung'oa. Paka rangi alama kila sentimita 10. Alama ya juu ya mti wa chini iwe sawa na alama ya chini ya mti unaofuata, na usawa huo utaupata kwa ule mpira mwembamba wa maji wanaotumia mafundi kusawazisha msingi wa nyumba. Kisha weka alama moja ya kudumu mbali na maji, kwenye shina la mwembe au kwenye zege la karavati, ili mti ukilala ujue pa kuanzia tena. Soma saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ukiwa juu ya ukingo. Matandu ina mamba na viboko, hakuna sentimita inayostahili kuifuata majini.

Kwenye daftari la vimraba, siku ziende kulia na sentimita ziende juu. Ukiunganisha nukta utaona umbo ambalo halina pande mbili zinazofanana: linapanda kwa ghafla kama ukuta, halafu linashuka kama mteremko mrefu. Sababu ni kwamba maji yanayopandisha mto ni yale yanayotiririka juu ya ardhi, nayo yanafika kwa pamoja. Maji yanayoendelea kuulisha mto baada ya mvua kukatika ni ya aina nyingine: kwanza yaliyotuama kwenye mabwawa na majaruba, kisha yaliyoingia ardhini, ambayo yanavuja polepole kwa siku nyingi, hata wiki.

Ukubwa wa eneo linalokusanya maji nao unabadilisha umbo. Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024. Kilwa ilipata takriban milimita 200 za mvua ndani ya saa 24, zaidi ya wastani wa mwezi mzima wa Mei, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika sehemu kadhaa ndani ya wilaya yetu, Somanga ikiwemo. Vijito vifupi vya pwani ndivyo vilivyo: mvua inanyesha hapahapa, maji yanapanda kwa saa chache, na yanashuka mapema. Matandu ni habari nyingine. Maji yake yanatoka mbali bara, upande wa Liwale, kwa hiyo mto unaweza kupanda Miteja pakiwa na jua kali. Mwenye shamba karibu na Matandu anaweza kupata vilele viwili kwa mvua moja: cha kwanza cha mvua ya hapa, cha pili cha mvua ya juu.

Tuchukue mfano. Namba hizi nimezitengeneza kwa ajili ya somo, siyo kipimo cha mto fulani. Kabla ya mvua mto wako unasoma sentimita 40. Siku ya pili jioni umefika 170. Siku ya tatu asubuhi 140, jioni 120. Umeshuka mara mbili mfululizo na mbingu ni safi, kwa hiyo kijana anaamua mambo yameisha, anateremsha pampu na kuiweka ukingoni kwenye usawa wa 160. Siku ya nne asubuhi mto unasoma 118. Jioni 160. Siku ya tano asubuhi 245, na pampu haionekani.

Dalili ilikuwepo, na ilikuwa ile 118. Mto ulikuwa unapoteza sentimita 20 kwa nusu siku, ghafla ukapoteza mbili tu usiku kucha. Kushuka kunakosimama bila mvua ya hapa maana yake kuna maji mengine njiani. Ukiangalia maji yenyewe utaona pia: rangi iliyokuwa imeanza kupauka inarudi kuwa tope zito, na majani, magogo na povu vinaanza kupita tena. Ukiona hivyo nyanyua pampu kwanza, maswali baadaye. Bora zaidi uwe na namba ya simu ya mtu wa juu ya mto, mfano Njinjo, kijiji kilichopigwa na mafuriko Januari 2020. Muulize jambo moja tu: huko kwenu maji yanapanda au yanashuka? Ukiandika saa kilele kilipopita kwake na saa kilipofika kwako, baada ya mafuriko mawili matatu utakuwa na muda wako wa tahadhari, ambao hakuna atakayekupa kutoka ofisini.

Sasa tuje kwenye kushuka kwenyewe. Baada ya kilele cha 245, vipimo vya asubuhi viwe hivi:

Siku ya 6: 200
Siku ya 7: 155
Siku ya 8: 125
Siku ya 9: 108
Siku ya 10: 98
Siku ya 11: 89
Siku ya 12: 82

Shamba lako la chini linaachwa na maji mto ukifika 60. Mtu akisimama siku ya 8 anaona jana mto umepoteza sentimita 30. Zimebaki 65, basi anapiga hesabu ya siku mbili na kidogo, anaita vibarua na kufungua pakiti za mbegu za matikiti kwa ajili ya siku ya 10 au 11. Mnajua bei ya pakiti moja ya mbegu chotara. Siku ya 11 mto uko 89 na shamba bado ni bwawa.

Kosa ni kudhani mto unapoteza sentimita zilezile kila siku. Chukua dumu la maji, litoboe chini. Likiwa limejaa, maji yanatoka kwa nguvu. Likikaribia kuisha yanatoka kwa unyonge. Ardhi inayoulisha mto iko hivyohivyo. Kinachokaribia kubaki kilekile kila siku ni fungu linalobaki.

Fanya hivi. Toa 40 (maji ya kabla ya mvua) kwenye kila kipimo. Siku ya 6 inabaki 160, ya 7 inabaki 115, ya 8 ni 85, ya 9 ni 68, ya 10 ni 58, ya 11 ni 49, ya 12 ni 42. Kisha gawanya ya leo kwa ya jana. Siku ya 7 na ya 8 utapata kama 0.72 na 0.74. Siku ya 9 ni 0.80. Kuanzia siku ya 10 unapata 0.85, 0.84, 0.86, yaani imetulia kwenye 0.85. Hapo mstari umepinda goti: maji ya juu ya ardhi yamekwisha kupita, sasa unalishwa na maji yanayovuja. Utabiri wa maana unaanza baada ya goti, siyo kabla.

Anza na 58 ya siku ya 10, zidisha kwa 0.85 mara nyingi kwenye simu yako: 49, 42, 36, 30, 26, 22, 19. Shamba lako linahitaji ibaki 20, maana 60 ukitoa 40 ni 20. Umefika siku ya 17. Wiki nzima baada ya ile siku ya 10 ya yule aliyepiga hesabu ya haraka.

Na kuachwa na maji siyo kukauka. Siku hiyo chimba shimo la nusu mita uliache usiku mmoja. Likionyesha maji asubuhi, mizizi ya tikiti itaoza. Subiri, au eneo hilo liwe la mpunga. Ndugu zetu wa Rufiji wana kilimo cha mlau, wanayafuata maji yanavyorudi nyuma na kupanda kwenye unyevu yanaouacha. Hesabu yako inakuruhusu kufanya hivyo kwa mpango: ukanda wa usawa wa 80 utaachwa siku ya 12 kwenda 13, ule wa 60 siku ya 17, kwa hiyo miche ya kitalu isiwe tayari yote kwa tarehe moja. Ila kumbuka kanuni ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na pampu inataka kibali cha matumizi ya maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao yake Mtwara.

Hesabu hii ina mipaka. Mvua mpya kubwa ikinyesha katikati, utabiri wa zamani unafutika. Subiri kilele kipya na goti jipya. Lakini ile 0.85 ikishajulikana kwa mto wako huwa haibadiliki sana, kwa sababu inatokana na udongo na bonde kuliko na mvua, kwa hiyo iandike kwenye jalada la daftari. Mafuriko makubwa yanahamisha mchanga, na mto uliokuwa unasoma 40 kiangazi unaweza kusoma 55 au 30 mwaka unaofuata. Fungu likianza kupanda kila siku bila kutulia, 0.85, 0.88, 0.91, shuku kwamba ile 40 imepitwa na wakati, utoe namba kubwa zaidi.

Na wale wa karibu na mikoko: kipimo chako kikipanda na kushuka mara mbili kwa siku, unapima bahari. Wakati wa bamvua ndiyo utachanganyikiwa kabisa. Hamisha miti yako juu zaidi, mpaka mahali ambapo maji ni baridi siku zote na bamvua haifiki.