Simu ya Kaunta Inabadili Anwani Kila Siku

*Mshauri, nina steshenari hapa Titye. Fundi alinifungia ruta ya 4G, ile ambayo ukurasa wake ni 192.168.8.1. Simu ya kaunta aliipa anwani ya kudumu, 192.168.8.20, ili picha za pasipoti ninazopiga ziingie kwenye kompyuta, na kompyuta haipokei kitu kutoka anwani nyingine. Pia nauza Waifai kwa mwezi. Mteja asipolipa, namtia kwenye orodha ya kuzuiwa. Tangu ninunue simu mpya, picha haziendi. Jana ruta iliipa 192.168.8.103, leo 192.168.8.117, mara chache hubaki na ya jana. Fundi alirudi, akaandika upya namba ya simu hiyo kwenye ruta, haikusaidia. Na wale niliowazuia wanarudi kesho yake wakicheka. Je, niache orodha ya kuzuia, niweke orodha ya kuruhusu?*
*Mwenye duka, Titye, Kasulu*

Ndugu yangu, ruta yako ni nzima. Inamtambua mgeni kwa anwani ya maunzi tu, ile inayoandikwa MAC: jozi sita za tarakimu na herufi. Simu inapoingia huomba anwani ya IP. Ruta hutazama MAC. Ikiikuta kwenye orodha ya akiba huipa ile .20, isipoikuta huchota yoyote iliyo wazi kuanzia 100 kwenda juu na kuikodisha kwa muda, mara nyingi siku moja. Simu yako mpya inakuja na MAC ya kubuni, kwa hiyo kwa ruta ni mgeni kabisa.

Watengenezaji walifanya hivi kwa makusudi. MAC ya kiwandani haibadiliki, na simu iliyowashwa Waifai ilikuwa ikiitangaza kila ipitapo. Mwaka 2013 jijini London kampuni moja iliweka vifaa ndani ya mapipa ya taka ya barabarani, vikawa vinahesabu na kufuatilia simu za wapita njia, mpaka mamlaka ya Jiji ikaagiza ikome. Apple ilianza kuficha MAC mwaka 2014, simu inapotafuta mtandao tu. Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zikaificha hata simu ikiwa imeshaunganishwa, bila mwenye simu kuombwa ruhusa.

Sasa fungua orodha ya vifaa kwenye ruta. Utaona kitu kama hiki:

```
192.168.8.103   DA:4B:07:91:C2:3E
192.168.8.117   6E:10:F5:38:0A:B9
```

Tazama alama ya pili ya kila MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imebuniwa na simu. Hapo juu ni A na E: simu moja, majina mawili.

Hapa ndipo fundi wako alipokwama, na si yeye peke yake. Nadhani alifungua `About phone`, akanakili MAC iliyoandikwa mle. Hiyo kwa kawaida ni ya kiwandani. Ile inayotumika mtandaoni sasa huonekana kwenye mipangilio ya Waifai, ndani ya jina la mtandao wenyewe. Ukilinganisha hizo mbili na zikatofautiana, umeshapata jibu.

Lakini kuna jambo moja kwenye barua yako lililonishtua. Kwa kawaida Android hubuni MAC moja kwa kila jina la mtandao na kuishikilia; hata ukiusahau mtandao na kuingia tena, hurudi na ileile. Simu inayobadilika kila siku kwenye mtandao wenye nywila ina kitu cha ziada kilichowashwa. Mtu, labda muuzaji, aliingia `Developer options` na kuwasha `Wi-Fi non-persistent MAC randomization`. Hapo simu hubuni MAC mpya inapounganishwa ikiwa ile ya zamani imeshapita saa 24. Ukifungua duka saa mbili kamili leo na saa mbili na robo kesho, anwani inabadilika. Ukiwahi saa moja na nusu, inabaki. Ndiyo maana unasema mara chache hubaki na ya jana. Ila kabla ya kumlaumu mtu, hakikisha pia ruta haitangazi majina mawili, moja la kawaida na jingine la 5G, kwa sababu kila jina linapewa MAC yake.

Fanya hivi. Kwanza zima kile kitufe cha `Developer options`. Kisha shikilia jina la mtandao wa duka, fungua `Privacy` na uchague `Use device MAC`. Kwenye Samsung ni `MAC address type`, halafu `Phone MAC`. Zima Waifai, washa tena. Futa akiba ya zamani kwenye ruta, andika MAC inayoonekana sasa uipe .20, kisha anzisha ruta upya. Mabadiliko haya ni kwa mtandao wa duka tu. Ukienda Kasulu mjini au Kibondo simu itaendelea kujificha kwenye mitandao mingine. Ukitaka, unaweza kuacha MAC ya kubuni na kuiwekea akiba hiyo, maana kitufe kile kikishazimwa haitabadilika mpaka usafishe simu kabisa. Mimi nachagua ile ya kiwandani, kwani siku simu ikisafishwa hutarudi kuniandikia.

Bora zaidi, mwambie fundi aweke jina na nywila kwenye folda ya kompyuta, aache kutegemea namba ya IP. Yeyote aliyeko kwenye Waifai yako anaweza kujiandikia .20 kwa mkono siku simu yako imezimwa, na kompyuta itamfungulia.

Kuhusu wadaiwa: orodha ya kuzuia haiwezi kuwashika. Mwenye Android anabadili kutoka MAC ya kubuni kwenda ya kiwandani, tayari ni mtu mwingine. Mwenye iPhone ya iOS 18 ana `Private Wi-Fi Address` yenye chaguo tatu, `Off`, `Fixed` na `Rotating`. Akichagua la mwisho, simu hubadilika yenyewe takriban kila wiki mbili. Na orodha ya kuruhusu itakuumiza wewe: watakaokataliwa ni waliolipa, siku simu zao zikibadilika, na watakujia kaunta wakidai umewaibia. Huku mjanja ataweza kunakili MAC ya aliyelipa, kwa kuwa hupita hewani bila kufichwa hata mtandao ukiwa na nywila.

Kinachouzika ni msimbo, si simu. Tafuta ruta yenye ukurasa wa kuingilia na vocha. Mafundi wengi huku kwetu wanaijua MikroTik. Kila mteja anapata vocha yake, na `shared-users=1` inahakikisha vocha moja haitumiki na simu mbili kwa wakati mmoja. Simu ikibadili MAC, mteja ataombwa vocha tena. Akiona ujumbe kwamba hakuna nafasi zaidi kwa mtumiaji huyo, kikao chake cha zamani hakijafungwa. Asubiri dakika chache au ukiondoe wewe. Kompyuta na simu ya kaunta ziwe kwenye mtandao tofauti na wa wateja, wenye nywila unayoijua wewe na msaidizi wako tu.

Kama fedha za ruta nyingine hazijapatikana, badili nywila ya Waifai kila tarehe mosi na uwape waliolipa. Wataambiana, ndiyo, lakini angalau kila mwezi mdaiwa atalazimika kumwomba jirani. Ile orodha ya kuzuia ifute leo.