Kumshukuru Rafiki wa Siku za Dhiki

Katika somo hili twataka kutazama jinsi Mtume Paulo alivyomshukuru rafiki yake Onesiforo. Habari hiyo imo katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, mlango wa 1, mistari ya 16 hata 18.

Paulo alikuwa kifungoni, na wengi wa Asia walikuwa wamemwacha. Angalieni basi asemavyo. Hatosheki kusema kwamba Onesiforo ni mtu mwema. Ataja matendo yenyewe: alimburudisha mara nyingi, hakuionea haya minyororo yake, na alipofika Rumi alimtafuta hata akamwona. Kumwulizia mfungwa katika mji mkubwa ule ni kujionyesha mbele ya watu kuwa rafiki wa mfungwa. Kwa hiyo Paulo ataja tendo, tena ataja na gharama yake.

Sisi hatufanyi hivyo. Mwalimu mmoja tumjuaye alifiwa na mkewe wakati wa masika. Baadaye alimwandikia rafiki yake: “Nakushukuru kwa wema wako wote.” Maneno hayo ni ya kweli, lakini angeweza kumpelekea mtu ye yote aliyekuja matangani. Tulimshauri aandike tena, akaandika hivi:

“Ndugu yangu, siku ya nne baada ya maziko, watu walipokwisha kwenda zao, wewe ulirudi na jembe. Ulipalilia mahindi yangu siku mbili, na shamba lako lilikuwa bado lina magugu. Jioni ile nilikujibu kwa ukali, nawe ulikuja tena asubuhi, usiulize neno. Mahindi yale ndiyo wanangu wayalayo leo. Sijasahau.”

Rafiki yule alipoisoma alinyamaza kitambo. Kisha alituambia kwamba tangu jioni ile alidhani kuja kwake kulimchosha mwenziwe, na kwamba alikuwa karibu kuacha kumtembelea. Barua ya kwanza haikumwondolea shaka hiyo, kwa kuwa haikutaja jambo lo lote alilolifanya. Aliyesaidia mara nyingi hajui ni lipi lililofaa. Ajuaye ni yule aliyesaidiwa, naye asiposema, urafiki waweza kupoa bila ugomvi.

Basi mtu atakaye kushukuru na ataje siku, tendo, lililompunguzia rafiki yake, na tunda lake. Ikiwa alimkosea wakati ule, asilifiche. Asitie chumvi, maana rafiki ajua alilotenda, na sifa iliyozidi humtahayarisha. Wala asimalize kwa kuomba jambo jipya, shukrani isigeuke kuwa utangulizi wa haja. Na ikiwa msaada ulikuwa wa siri, amwambie peke yake, si mbele ya watu.

Maswali ya kujipima:

1. Nikibadili jina, je, barua hii yaweza kumfaa mtu mwingine? Ikiwa yaweza, bado sijamshukuru rafiki yangu.

2. Je, nimetaja jambo ambalo labda yeye mwenyewe hajui kwamba lilinifaa?