Kuulizia Kibali cha Ujenzi kwa Barua Pepe: Maneno Yanayofaa

Barua pepe ya kuulizia kibali cha ujenzi huandikwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, hata kama unajua kuwa faili lako liko mezani kwa Afisa Mipango Miji. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu, na barua za ofisi huelekezwa kwa cheo chake, kisha hupelekwa idara inayohusika. Mwite "Ndugu Mkurugenzi". Hiyo ni heshima kamili. "Mheshimiwa" tumezoea kumwita waziri, mbunge au diwani.

Soma ujumbe huu, ambao unafanana na mwingi unaotumwa:

"Habari. Nimeleta maombi siku nyingi mpaka leo kimya. Fundi ameshajenga msingi na saruji inaganda stoo. Mnataka nini hasa?"

Mwandishi ana haki ya kuuliza, lakini ujumbe wake hauwezi kujibika. Hakuna namba ya kiwanja, tarehe wala jina la mmiliki, kwa hiyo hata mtumishi mwenye moyo wa kusaidia hana pa kuanzia kulitafuta faili. "Mnataka nini hasa?" inasomeka kama tuhuma ya rushwa, na anayetuhumiwa hujibu kwa kujilinda. Baya zaidi ni ile habari ya msingi. Kujenga mjini kabla ya kupata kibali ni kosa, na mwombaji amekiri kwa maandishi, kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kuonyesha kuwa ana haraka, kumbe amejitafutia amri ya kusitisha ujenzi.

Mtu huyohuyo angeweza kuandika hivi:

"Yah: Kuulizia hatua ya maombi ya kibali cha ujenzi, Kiwanja Na. 214, Kitalu B

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Tarehe 14 Januari 2025 niliwasilisha maombi ya kibali cha kujenga nyumba ya kuishi katika kiwanja nilichokitaja. Nakala ya stakabadhi ya malipo nimeiambatisha.

Naomba kufahamu maombi hayo yamefikia hatua gani, na kama kuna nyaraka, malipo au marekebisho ya michoro yanayohitajika kutoka kwangu.

Naomba kuwasilisha."

Chini yake yanafuata jina kamili kama lilivyo kwenye fomu ya maombi, na namba ya simu. Kama kiwanja ni cha mama yako na wewe ndiye unayefuatilia, sema wazi: "Naandika kwa niaba ya mama yangu, ambaye ndiye mmiliki," na uambatishe barua yake ya kukuruhusu. Ofisi ina sababu nzuri ya kutompa mtu mwingine habari za kiwanja kisicho chake.

Sentensi ya kuuliza kinachohitajika kutoka kwako ndiyo yenye uzito kuliko zote. Maombi mengi yanayoonekana kulala huwa yanamsubiri mwombaji mwenyewe: mchoro umerudishwa ukasahihishwe, ankara haijalipwa, au kodi ya ardhi inadaiwa. Ukiuliza "kwa nini mmechelewesha", utapewa maelezo ya ucheleweshaji. Ukiuliza kinachopungua, utapewa cha kufanya. Na mtumishi ambaye kweli alilisahau faili anapata nafasi ya kulishughulikia bila kuaibishwa mbele ya wakubwa wake.

Kabla ya kutuma, tazama mkataba wa huduma kwa mteja wa halmashauri yako. Taasisi za umma nchini Tanzania huwa nao, na ndani yake hutajwa muda ambao huduma inapaswa kutolewa. Muda huo haujaisha? Subiri. Umepita? Ongeza sentensi moja tu: "Kwa mujibu wa mkataba wenu wa huduma kwa mteja, muda uliotajwa kwa huduma hii umepita." Usiongeze vivumishi, tarehe zako zinatosha kusema lililobaki.

Hakikisha pia anwani unayoiandikia ni ya ofisi yenyewe. Anwani rasmi za serikali huishia na .go.tz. Mtu akikujibu kwa anwani binafsi akitaka utume pesa kwenye simu yake ili "alisukume faili", usitume. Malipo halali ya serikali huwa na namba ya kumbukumbu ya malipo.

Usipojibiwa, jibu juu ya barua pepe yako ya kwanza badala ya kuanza mpya, ili anayesoma aone mlolongo wote: "Rejea barua pepe yangu ya tarehe 3 Machi 2025 hapa chini. Sijapata majibu, hivyo naomba tena kufahamu hatua iliyofikiwa." Nakala mpelekee mkuu wa idara ya mipango miji. Waziri na waandishi wa habari usiwaweke kwenye nakala katika hatua hii, kwani wakishaingia, jibu utakalopewa litaandikwa kwa ajili yao. Ikishindikana hapo pia, chapisha barua pepe zote mbili, zipeleke masjala ya halmashauri, na omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.