Kupiga picha kwa Kiitaliano

Swali: Natafsiri kijitabu cha Waitaliano wanaotembelea Watamu. "Piga picha" niandike *prendere una foto*? – Msomaji, Jomvu Kuu

Jibu: La, ndugu yangu. Fungua kamusi ya lugha mbili kwenye nomino *foto*, si kwenye kitenzi. Mifano itakupa *fare* na *scattare*. Kisha hakikisha katika kopasi ya PAISÀ, yenye maneno kama milioni 250 kutoka mtandaoni. Tafuta kitenzi kwa umbo lake la msingi, ili *fatto* na *scattato* zisikupite. Ukikuta *prendere* karibu na *foto*, usihadaike na hesabu. Soma mistari yenyewe. Huenda mtu anaichukua picha kutoka kwenye droo, haipigi. Kwenye kijitabu chako ningeandika *scattare*. *Fare* ni ya kila siku, nayo ni sahihi.