Mnazi wa mita sita: vidokezo vya kukagua majibu ya trigonometria

Umelala chini (tusihangaike na kimo chako), mita 20 kutoka shina la mnazi. Pembe ya mwinuko hadi kileleni ni nyuzi 38. Urefu ni 20 × tan 38°, na kikokotoo kinasema mita 6.2. Uamini?

1. Kadiria kabla ya kubonyeza. Pembe ingekuwa nyuzi 45, urefu ungelingana na umbali, mita 20, kwa sababu tan 45° ni 1. Ingekuwa nyuzi 30, tan ni kama 0.58, basi mnazi ungefika mita 11.5 hivi. Nyuzi 38 zipo katikati, kwa hiyo jibu lazima liangukie kati ya 11.5 na 20. Hiyo 6.2 imeshakamatwa.

2. Kiulize kikokotoo sin 30. Kikijibu 0.5, kiko kwenye nyuzi. Kikijibu −0.988, kiko kwenye radiani, na pale juu ya skrini utaona RAD au R ndogo ambayo hakuna anayeitazama. Ndiyo iliyoufupisha mnazi wetu. Rudisha DEG upate mita 15.6. Angalia kwamba 6.2 haikuwa na alama ya kutoa wala haikuwa kubwa ajabu. Bila makadirio ingepita.

3. Ijaribu fomula yenyewe kwa pembe unayoijua. Makadirio nayo hupitwa. Tuseme umekosea ukaandika sin badala ya tan: 20 × sin 38° ni 12.3, na 12.3 ipo kati ya 11.5 na 20! Sasa weka nyuzi 45 kwenye fomula hiyo. Inatoa mita 14.1, ilhali tunajua lazima iwe 20. Hapo kosa ni la fomula, kikokotoo hakina hatia.

4. Usijaribu kwa 0 peke yake. Mwanafunzi anaandika sin 2x = 2 sin x, anaweka 0, pande zote zinatoa 0, anafurahi. Aweke 30°: kushoto 0.866, kulia 1. Nyuzi 45 nazo zina hila yake: sin na cos hapo ni sawa, kwa hiyo ukizichanganya hutajua. Mimi huanza na 30. Hata hivyo, kufaulu kwa pembe moja si uthibitisho. Kufeli kwa moja kunatosha kuitupa kanuni.

5. Alama kwanza, tarakimu baadaye. Umepewa sin θ = 0.6, na θ ipo kati ya nyuzi 90 na 180. Chora duara, weka nukta juu kushoto: kwenda juu ni chanya, kwenda kushoto ni hasi. Basi cos θ ni −0.8, si 0.8. Ukibonyeza sin⁻¹ utapewa nyuzi 36.9, ambazo zipo juu kulia. Zitoe kwenye 180, upate 143.1.