Sita na Tisa: Mafunzo Niliyopata Nikitangaza Kanga kwa Spika

Nimeuza kanga na vitenge kwenye magulio ya Usambara kwa miaka mingi: Lushoto, Soni, Mlalo. Mwanzoni niliita wateja kwa mdomo, na kila gulio lilipokwisha nilirudi nyumbani sauti imenikauka. Nilipopata fedha kidogo nikanunua spika ya honi, ile yenye mdomo wa tarumbeta, pamoja na betri na kadi ya kuhifadhia sauti. Niliamini kazi imekwisha. Kumbe tangazo la gulioni lina kanuni zake, na nyingi nimezijua baada ya kugombana na wateja.

1. Sita na tisa ni neno moja ukizisikia kwa mbali

Doti ya kanga nilikuwa naiuza 9,000. Tangazo langu lilimalizika hivi: "Kanga nzuri za pamba, doti moja kwa bei ya shilingi elfu tisa." Siku moja mama mmoja alifika mezani, akachagua kanga kwa utulivu, akafungua fundo la pindo la kanga aliyojifunga na kuniwekea 6,000 mkononi. Nikamwambia bado elfu tatu. Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. "Mwanangu, tangu kule kwenye viazi nasikia elfu sita. Nimeuza ndoo yangu ya mwisho ya viazi kwa sababu ya hii kanga." Hakununua, na watu waliokuwa wamesimama karibu waliondoka naye. Kabla ya adhuhuri wengine wawili walikuja na hesabu hiyohiyo ya sita.

Gulio lililofuata nilimpeleka mpwa wangu pale kwenye viazi, hatua kama arobaini kutoka mezani, na daftari. Jenereta la muuza soda lilikuwa linanguruma katikati yetu. Nikasoma kwenye spika namba za moja hadi kumi, nikizichanganya na kuziweka mahali tofauti katika sentensi, naye akaandika alichosikia. Nyingi alizipata. Sita na tisa alizibadilisha mara kwa mara, na pale alipopatia aliniambia alibahatisha tu.

Ukiyatamka maneno hayo mawili polepole utaona sababu. Yote yana silabi mbili, yote yana i kisha a, na mkazo uko kwenye i. Kinachoyatenganisha ni s na t, ambazo zimebadilishana nafasi tu. Herufi hizo hazina mlio wa koo. Moja ni mpulizo mwembamba wa upepo, nyingine ni mpasuko mdogo wa ncha ya ulimi. Kelele za soko huzifunika kabla ya kitu kingine chochote, na mteja aliye mbali anabaki na i-a. Hapo anachagua mwenyewe, na mwenye fedha chache atachagua iliyo ndogo. Hakunidanganya yule mama. Nane ina a-e, tano ina a-o, kumi ina u-i. Hizo hazina pacha wa namna hiyo.

Basi nikaondoa tisa kwenye spika. Kupandisha hadi kumi bila sababu kungekuwa kuwaonea watu, na kushuka hadi nane kungenila faida. Kanga huuzwa vipande viwili vikiwa bado vimeungana, na mnunuzi hulazimika kutafuta fundi wa kuvikata na kupinda ncha. Nikakubaliana na fundi mwenye cherehani akae kando ya meza yangu, nikamlipa 500 kwa kila doti, na bei ikawa 10,000 pamoja na kupindiwa. Mteja anaondoka na kanga ya kuvaa leo hii.

Jambo la pili nililoliona kwenye daftari la mpwa wangu ni kwamba namba iliyokuwa mwisho kabisa wa sentensi ilipotea zaidi. Kiswahili kinatanguliza "elfu" na kuiacha namba nyuma, pale pumzi inapoisha na sauti inaposhuka. Ndiyo maana siku hizi simalizii kwenye namba. Nasema "elfu kumi tu, mama!" Hayo maneno mawili ya nyuma yanabeba mshuko wa sauti, na kumi inabaki juu.

2. Usikanushe kwenye spika

Tangazo la zamani lilikuwa na maneno "hazichuji rangi". Dada mmoja aliuliza mbele ya wenzake kwa nini natangaza kanga zinazochuja. Alikuwa hatanii.

Kukanusha kwetu mara nyingi kunakaa mwanzo wa neno, kwenye ha-, na h ni pumzi tupu. Ikimezwa na kelele, mtu anapata "-chuji rangi", na neno analolijua ni kuchuja. Sifa ikageuka kasoro. Ni hivyo hivyo kwa "haina mchanganyiko" na "hatupandishi bei". Nikayaandika upya yote kwa kukubali. "Haina mchanganyiko" ikawa "pamba tupu".

Ila ukitamka pamba tupu sokoni, ujue utadaiwa ushahidi. Ninachomoa uzi mmoja kwenye ncha ya kanga mteja akiona, nauwasha kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika. Ukiwa na nyuzi za plastiki ndani yake, unayeyuka, unajikunja, na mwisho unabaki na kitone kigumu kinachokwaruza kidole. Mzigo ulioacha kitone nauuza pia, kwa bei yake, lakini spika haiutaji.

3. Salamu ni za mezani

"Habari za asubuhi wateja wetu wapendwa, karibuni sana kwenye meza yetu" ilichukua sekunde saba, na katika sekunde hizo mpita njia hajajua nauza nini. Jirani yangu anayeuza dawa ya panya na kunguni ndiye aliyenifungua masikio bila kujua. Spika yake inaanza na jina la mdudu, na mwenye kunguni nyumbani anageuka hapohapo. Adabu ya salamu naitimiza mteja anapofika: shikamoo kwa mkubwa, habari ya safari kwa aliyetoka mbali.

Tangazo lote sasa ni hili, nalo likisomwa kwa utaratibu linakaribia sekunde 18:

"Kanga! Kanga! Kanga!
Doti nzima, elfu kumi tu, mama!
Pande mbili, pamba tupu, unapindiwa hapa!
Njoo chini ya mparachichi, mwavuli mwekundu!
Elfu kumi tu, mama!"

"Doti nzima" na "pande mbili" ni kitu kimoja, na nimevirudia kwa makusudi, maana wapo waliodhani elfu kumi ni ya upande mmoja. Mahali napo pametajwa kwa vitu viwili. Mwavuli unaonekana kwa aliye karibu, mparachichi unajulikana hata na asiyeuona. Zamani nilisema "mkabala na lori la vitunguu", na siku lori lilipoondoka mapema watu walizunguka wakinitafuta.

Vitenge havimo. Nilijaribu kuvitia, na bei mbili ndani ya tangazo moja zikachanganyika vichwani mwa watu. Vinaning'inia mbele ya meza na vinajitangaza kwa rangi.

4. Sauti ikipasuka, punguza

Kosa la wengi wetu ni kuzungusha kitufe hadi mwisho. Kwa mwenye meza sauti ni kubwa kweli, lakini aliye mbali anasikia mkwaruzo. Spika iliyolemewa inageuza kila herufi kuwa kishindo kimoja. Mimi huongeza mpaka "pamba tupu" ianze kutoka "bamba dubu", kisha narudisha nyuma kidogo.

Kinachosaidia kuliko kitufe ni kimo. Spika iliyowekwa mezani inawapigia kelele watu wa mbele, na miili na mizigo yao inaimeza sauti. Nimeifunga kwenye mti wa turubai, juu kuliko kichwa cha mtu aliyejitwisha kikapu, mdomo ukiinamia kidogo upande wa njia kuu.

Kurekodi nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza nilirekodi sebuleni penye sakafu ya saruji, na mwangwi wake ukaja nao sokoni. Mara ya pili nilisogeza simu mdomoni mno, kila p na b ikapiga kama ngoma. Siku hizi natandaza kanga za mzigo kwenye kamba kunizunguka pande tatu, simu naiweka kando ya mdomo umbali wa kiganja kimoja, na nasoma nikiwa nimesimama. Kanga zinameza mwangwi vizuri sana.

5. Gulio lina saa yake

Asubuhi na mapema watu wamekuja kuuza. Mtu mwenye tenga la nyanya kichwani hana fedha bado, na kumpigia kelele za kanga ni kumchosha. Nawasha spika kama saa tano hivi, maharage na viazi vinapokuwa vimegeuka noti. Inatangaza mara mbili, kisha inanyamaza dakika tano. Nilipoiacha iendelee bila kupumzika, majirani walinung'unika, na wateja waliokuwa mezani walishindwa kunisikia. Adhana ikilia nazima. Msiba ukipita nazima, na siwashi mpaka watu wa mwisho wawe wamepita.

6. Jina la kanga halisomwi kwa spika

Hili lilinichukua muda kulielewa. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yale maneno yaliyochapwa chini. Wateja wengi huchagua kwa jina kabla ya rangi. Nikafikiri: nikiyasoma majina kwa spika, kila mmoja atasikia la kwake na kuja. Nikarekodi majina manane ya mzigo mpya, yakiwemo makali ya kuwasema majirani na wake wenza.

Wanawake walisimama mbali wakacheka, na hakuna aliyekuja kuyanunua yale makali. Mzigo wa majina ya upole ulikwisha, ule mwingine ukalala. Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa nyuma ya meza akikunja doti, ndiye aliyenieleza. Mtu hununua jina lile ili aseme jambo bila kufungua mdomo. Mimi nimelisema mbele ya soko zima, na sasa yeyote atakayelishika ataulizwa anamsema nani.

Siku hizi kanga za namna hiyo nazipanga upande wa ndani, karibu na fundi, jina likiwa juu lisomeke bila kufunua. Wiki iliyopita bibi mmoja alikaa pale kwenye kiti kirefu kama nusu saa, akisoma moja baada ya nyingine kwa kusogeza kidole. Alipoipata aliyoitaka aliikunja mwenyewe, jina ndani, akanipa elfu kumi na kuniambia hataki ipindwe leo. Akaomba tu nimfungie kwenye gazeti.